Watu 11,160 au 1,173? Kutatua namba za wanufaika unapogeuza slaidi kuwa ripoti ya mfadhili

Wasilisho la matokeo huandaliwa ili lionekane kwa mbali. Slaidi moja hubeba namba moja kubwa, picha, na maneno manne au matano. Ripoti ya mfadhili husomwa kwa karibu, na mtu aliyefungua jedwali la viashiria pembeni. Namba ikitoka kwenye slaidi kuingia kwenye aya bila maelezo yake (inahesabu nini, ya kipindi gani, imetoka kwenye orodha ipi), aya husomeka vizuri lakini inadai jambo ambalo mradi haukulifanya.

Hapa tunafuata mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Ni mradi wa mwaka mmoja wilayani Yumbe, Uganda, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi na vijiji vya wenyeji vilivyo jirani, kuanzia 1 Julai 2024 hadi 30 Juni 2025. Una vikundi 42 vya kuweka na kukopa, mafunzo ya bustani za mboga, na visima virefu vya pampu ya mkono. Wasilisho lina slaidi 24, mfadhili anataka masimulizi ya kurasa 4. Slaidi ya tatu inasema: "Watu 11,160 wamefikiwa. 78% wanawake. Wakimbizi 70, wenyeji 30."

Kabla ya kuandika sentensi hata moja, pitia slaidi zote ukiwa na karatasi ya Excel yenye safu tano: namba ya slaidi, namba yenyewe, inahesabu nini, ya kuanzia lini hadi lini, na faili au daftari ilikotoka. Kila namba iingie, hata ile iliyo ndani ya grafu. Safu ya tano ikibaki tupu, namba hiyo isiingie kwenye ripoti mpaka chanzo kipatikane. Kwa slaidi 24 kazi hii humalizika kwa nusu siku, na ndiyo itakayokuonyesha dalili zifuatazo.

Dalili: jumla kuu haipatikani kwenye orodha yoyote

Unafungua faili la vikundi, la mafunzo na la visima. Hakuna lenye watu 11,160. Hiyo ni ishara kwamba namba haikuhesabiwa, ilijumlishwa. Jaribu kuifumua: chukua namba kubwa za slaidi nyingine na uzijumlishe kwa mpangilio mbalimbali mpaka zifike.

Katika mfano wetu inafumuka hivi: wanachama wa vikundi 1,050, washiriki wa mafunzo 1,260, watumiaji wa visima 3,600, na watu wa kaya za wanachama 5,250. Ukijumlisha unapata 11,160 kamili. Jumla inapolingana hivyo bila kubaki hata mtu mmoja, maana yake hakuna aliyekagua kama mama aliye kwenye kikundi ndiye pia aliyehudhuria mafunzo, ndiye anayechota maji kisimani, na ndiye yumo ndani ya ile 5,250. Mtu huyo mmoja amehesabiwa mara nne.

Usitafute jumla nyingine ya kuweka mahali pake kwa haraka. Namba hizi nne ni za aina nne tofauti: watu walioandikishwa, sahihi za mahudhurio, uwezo wa miundombinu, na makadirio ya kaya. Kila moja ina ugonjwa wake, kwa hiyo itibu peke yake kwanza. Swali la zipi zinajumlishika linakuja baadaye, na mara nyingi jibu ni kwamba zinazojumlishika ni mbili tu.

Dalili: washiriki wa mafunzo ni wengi kuliko watu waliopo kijijini

Namba 1,260 ni sahihi za mahudhurio. Mafunzo yalikuwa na awamu tatu: kuandaa kitalu, kupanda na kumwagilia, kisha kuvuna na kuhifadhi mbegu. Awamu ya kwanza ilikuwa na sahihi 430, ya pili 418, ya tatu 412. Karatasi zikikusanywa, mtu aliyefika mara zote tatu anakuwa watu watatu.

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa sababu ili kupata watu lazima ujue nani ni nani, na kitambulisho kizuri mara nyingi hakipo. Mwenyeji mwenye kitambulisho cha taifa ana namba yake ya NIN, herufi na tarakimu 14, ambayo ni ya mtu mmoja. Mkimbizi huleta mara nyingi cheti cha familia kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, na cheti hicho kinaorodhesha kaya nzima. Karani akinakili namba ya kaya badala ya namba ya mtu, mama na binti yake wanakuwa mtu mmoja, na hesabu yako inashuka isivyo haki. Utaitambua hali hiyo haraka: panga orodha kwa namba ya kitambulisho, na ukiona namba moja ina majina ya kwanza tofauti au jinsia mbili, hiyo ni namba ya kaya. Namba ya simu nayo haifai kuwa kitambulisho, kwani simu moja hutumiwa na nyumba nzima.

Pasipo kitambulisho cha kuaminika, tengeneza ufunguo kutokana na jina, kijiji, jinsia na mwaka wa kuzaliwa. Ikiwa jina liko safu ya B na mengine yako D, E na F, andika hivi kwenye safu ya G:

```
=UPPER(TRIM(B2))&"|"&D2&"|"&E2&"|"&F2
```

Kisha hesabu funguo zisizojirudia. Fomula hii hufanya kazi hata kwenye Excel za zamani ambazo bado ziko kwenye kompyuta nyingi za ofisi za mashambani:

```
=SUMPRODUCT(1/COUNTIF(G2:G1261,G2:G1261))
```

Mistari ni 1,260, ndiyo maana inaishia 1261. Mstari ukiwa hauna jina, ufunguo wake utakuwa ni kijiji, jinsia na mwaka tu, kwa hiyo watu wawili wasioandikwa majina wanaweza kugeuka mmoja. Rudi kwenye karatasi ya mahudhurio uwajaze kwanza.

Tuseme fomula inatoa 655. Hiyo bado si idadi ya watu. Zaitun wa awamu ya kwanza ni Zaituni wa awamu ya pili. Aliyeandikwa mwezi Agosti kuwa amezaliwa 1990 akaandikwa 1991 mwezi Oktoba kwa sababu karani mwingine alimuuliza umri badala ya mwaka. Panga orodha kwa kijiji, halafu jinsia, halafu jina, uichape, umpe afisa wa uwanjani anayevijua vijiji hivyo. Atie alama kila jozi anayoijua kuwa ni mtu mmoja. Asikisie. Pacha wapo, na wapo wanawake wawili wenye jina moja, umri mmoja, kijiji kimoja; jozi asiyoijua ibaki watu wawili hadi kiongozi wa kikundi aulizwe. Katika mfano wetu, mistari 43 inaonekana kuwa marudio ya tahajia au ya mwaka, na tunabaki na watu 612.

Hivyo unazo namba mbili za kweli: mahudhurio 1,260 na watu 612. Zote zinaweza kuingia kwenye ripoti mradi kila moja iitwe kwa jina lake. Ile ya kwanza inaonyesha ukubwa wa kazi ya wakufunzi, ya pili inaonyesha nani alifunzwa. Kinachovuruga ni kuandika "washiriki 1,260", kwa sababu msomaji ataona watu.

Sasa linganisha watu hao na orodha ya vikundi. Kwenye orodha safi ya mafunzo weka safu ya kuuliza kama ufunguo upo kwenye jedwali la wanachama, ambalo nalo lina ufunguo uleule kwenye safu ya G:

```
=COUNTIF(Wanachama!G$2:G$1051,G2)
```

Sifuri maana yake mtu hayumo kwenye kikundi. Wale wenye sifuri nao wapitie mikono ya afisa wa uwanjani, kwa sababu tahajia iliyovuruga orodha moja itavuruga na ulinganisho huu. Baada ya ukaguzi tunapata kwamba watu 489 kati ya 612 ni wanachama wa vikundi, na 123 si wanachama. Kwa hiyo waliofikiwa moja kwa moja ni 1,050 + 123, yaani watu 1,173. Hii ndiyo jumla pekee ambayo ripoti hii inaweza kuisimamia mbele ya mkaguzi, maana nyuma yake kuna orodha ya majina 1,173.

Dalili: namba ya kaya inagawanyika kwa 5 bila kubaki kitu

5,250 ni 1,050 mara 5. Namba ya "wanufaika wasio wa moja kwa moja" ikiwa ni idadi ya wanachama mara 5 au 6 kamili, imezalishwa na kikokotoo. Kuna makosa matatu ndani yake, na kila moja linaongeza watu.

La kwanza, mwanachama mwenyewe yumo ndani ya wale watano. Alishahesabiwa kati ya 1,050, sasa anahesabiwa tena. La pili, wanachama wawili wa nyumba moja wanazidisha nyumba hiyo mara mbili. Fomu za kujiunga zinaonyesha kwamba wanachama 1,050 wanatoka kaya 910. La tatu ni ile 5 yenyewe. Imetoka kwenye andiko la mradi, na huko iliwekwa kwa kuzungushwa juu. Sensa ya 2014 ya Uganda ilikuta wastani wa watu 4.7 kwa kaya nchini. Ukizidisha kaya 910 kwa 5 badala ya 4.7 umeshaongeza watu 273 wasio na nyumba.

Kabla ya kutafuta wastani wa wilaya au wa taifa, angalia kama fomu yako mwenyewe iliuliza "mko wangapi nyumbani?" Fomu nyingi za kujiunga huuliza, na jibu hulala kwenye safu ambayo hakuna anayeijumlisha. Katika mfano wetu safu hiyo ipo, na kwa kaya 910 (ukichukua fomu moja kwa kila kaya) inajumlisha watu 4,459. Ukitoa wanachama 1,050, wengine wa nyumbani ni 3,409. Fomu za kaya moja zikitofautiana, mmoja kaandika 6 na mwingine 8, chukua iliyojazwa karibuni zaidi na uweke alama.

Namba 3,409 isijumlishwe na 1,173. Baadhi ya wale 123 wa mafunzo wasio wanachama ni waume, wake au watoto wa wanachama, na wamo tayari ndani ya kaya 910. Iandike peke yake, kwenye sentensi yake: "wanaishi katika kaya za wanachama". Usiandike kwamba "wamenufaika" ikiwa hakuna dodoso lililopima chakula, ada ya shule au chochote kingine ndani ya kaya hizo.

Dalili: visima vyote vinahudumia idadi ileile ya watu

Visima 12 mara watu 300 ni 3,600. Hiyo 300 ni kipimo cha Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda cha watu kwa kisima kirefu kimoja. Chemchemi iliyolindwa hukadiriwa watu 200, bomba la umma 150. Ni kipimo cha kupangia huduma. Hakisemi nani anachota maji kwenye kisima chako. Kisima kilicho karibu na shule huelemewa, kingine chenye maji ya chumvi hukwepwa.

Uliza mambo mawili. Kwanza, vinavyotoa maji siku ya mwisho ya kipindi ni vingapi? Katika mfano, 12 vilichimbwa, kimoja kikatoka kikavu, kingine kilikuwa kinasubiri pampu ifungwe hadi 30 Juni. Vinavyofanya kazi ni 10. Slaidi ilisema "visima 12 vimechimbwa", ambalo ni kweli, lakini aliyefanya kuzidisha alichukua 12. Pili, kamati za maji zina daftari? Kamati nyingi huandikisha kaya zinazochangia matengenezo. Madaftari ya kamati 10 yana kaya 548.

Andika kaya 548. Usizigeuze kuwa watu kwa kuzidisha, kwa sababu daftari la kamati halikuuliza ukubwa wa kaya, na wapo wachotaji wasioandikishwa ambao pia hujui idadi yao. Mfadhili akitaka watu lazima, mpe uwezo wa visima kwa jina lake: visima 10 vyenye uwezo wa kuhudumia hadi watu 3,000 kwa kipimo cha wizara. Hiki kisima kikavu kimoja nacho kitajwe kwenye masimulizi. Kuchimba kisima kikakosa maji ni jambo la kawaida katika miamba ya nchi hii na wafadhili wa maji wanalijua. Kinachowashtua ni kukigundua wenyewe kwenye ankara za mchimbaji.

Dalili: asilimia imehama kutoka kundi moja kwenda jingine

Kwenye slaidi ya vikundi, 78% ilikuwa asilimia ya wanawake kati ya wanachama 1,050, yaani wanawake 819. Ilipopandishwa kwenye slaidi ya tatu ikakaa chini ya 11,160. Kwenye aya ikawa "asilimia 78 ya wanufaika ni wanawake". Kila hatua ilifupisha maneno kidogo, na mwisho wake mradi unadai wanawake 8,705.

Dawa ni kuandika asilimia pamoja na idadi zote mbili, ya juu na ya chini, katika ile karatasi ya safu tano, halafu kuikokotoa upya kwa kundi jipya. Wanachama wanawake ni 819. Waliofunzwa wanawake ni 367 kati ya 612, yaani asilimia 60. Walio kwenye orodha zote mbili ni 318. Kwa hiyo wanawake kati ya watu 1,173 ni 819 + 367 − 318, yaani 868, ambayo ni asilimia 74. Kamwe usichukue wastani wa 78 na 60: makundi haya mawili hayalingani ukubwa, na wengine wamo kotekote.

"Wakimbizi 70, wenyeji 30" ni namba ya kutilia shaka popote inapoonekana ikiwa imezungushwa hivyo. Nchini Uganda, mpango wa misaada kwenye maeneo ya wakimbizi hutarajia kwamba takriban asilimia 30 ya huduma iende kwa jamii ya wenyeji, na 70:30 huandikwa kwenye andiko la mradi kama lengo. Kutoka hapo hunakiliwa kwenye slaidi kama matokeo. Hesabu safu ya hadhi kwenye orodha ya 1,173: wakimbizi 774, wenyeji 399, yaani 66 kwa 34. Tofauti hiyo haina aibu yoyote na haina haja ya kupindishwa. Iandike ilivyo, ukiweka lengo pembeni.

Asilimia za mabadiliko zina mtego wake. Slaidi ikisema "akiba imeongezeka 20%", huwezi kujua kama wanachama wanaoweka akiba wametoka asilimia 40 hadi 60, au fedha zenyewe zimekua kwa moja ya tano. Tafuta mwanzo na mwisho na uandike vyote viwili. Nafasi unayoiokoa kwa kuacha kimoja ni maneno matatu.

Dalili: namba ni sahihi lakini haikubaliani na jedwali la viashiria

Mara nyingi hapa shida ni tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali ya Uganda huanza 1 Julai, wafadhili wengi wa nje huhesabu Januari hadi Desemba, na mzunguko wa kikundi cha akiba hudumu miezi 9 hadi 12 bila kujali kalenda ya yeyote. Slaidi iliyoandikwa "hadi sasa" inaweza kubeba vikundi vya ruzuku iliyopita. Chuja orodha kwa tarehe ya kujiunga, si kwa tarehe ya kuingiza taarifa kwenye kompyuta.

Chanzo kingine ni wakati wa kuhesabu ndani ya kipindi kilekile. Wanachama walioandikishwa walikuwa 1,050. Siku ya mgawo wa akiba waliokuwepo walikuwa 987. Slaidi ya 8 ina ya kwanza, slaidi ya 15 ina ya pili, na anayefupisha huona kama kuna kosa akaifuta moja. Zote zitumike: 1,050 walijiunga, 987 walimaliza mzunguko, yaani asilimia 94. Msomaji makini atauliza kuhusu wale 63. Kama maofisa wanajua sababu kutoka kwenye madaftari ya vikundi, sentensi moja inatosha.

Dalili: aya imefupishwa, maana imekua

Hii ndiyo inayowaponyoka hata walioshika hesabu vizuri. Kufupisha hupendelea kitenzi kipana. "Walihudhuria angalau awamu moja" huwa "walifunzwa", kisha "wamewezeshwa", kisha "wameboresha maisha". Namba haikubadilika hata tarakimu moja, lakini sasa inadai jambo lisilopimwa. Unapopunguza maneno, toa sifa, toa utangulizi, toa maelezo ya shirika ambayo mfadhili anayajua. Kitenzi kilicho karibu na namba kibaki kilekile cha kwenye fomu.

Maneno ya kukadiria nayo yana kipimo chake. "Zaidi ya 1,100" kwa 1,173 inakubalika kwenye kichwa cha ripoti, maana ni kweli na msomaji atakuta namba kamili ndani. "Takriban 1,200" inaongeza watu 27 bila faida. Ndani ya aya tumia namba kamili mara ya kwanza, na ukiirudia ibaki kamili vilevile. Ripoti yenye 1,173 ukurasa wa 1 na "karibu 1,200" ukurasa wa 3 humfanya mkaguzi atafute orodha mbili.

Hii ndiyo aya ilivyotoka kwenye slaidi kwa mkono wa haraka:

"Kupitia mradi huu, watu 11,160 wamenufaika na kuboresha maisha yao, asilimia 78 wakiwa wanawake, kwa uwiano wa 70:30 kati ya wakimbizi na wenyeji. Washiriki 1,260 wamewezeshwa katika kilimo na visima 12 vinatoa maji safi."

Na hii ndiyo baada ya matibabu:

"Kati ya 1 Julai 2024 na 30 Juni 2025, mradi uliwafikia moja kwa moja watu 1,173, wakiwemo wanawake 868 (asilimia 74). Wakimbizi walikuwa 774 na wenyeji 399; lengo lilikuwa 70 kwa 30, tumefika 66 kwa 34. Watu 1,050 kutoka kaya 910 walijiunga na vikundi 42 vya kuweka na kukopa, na 987 walimaliza mzunguko. Watu 612 walihudhuria angalau awamu moja kati ya tatu za mafunzo ya bustani; 489 kati yao ni wanachama wa vikundi. Katika kaya za wanachama wanaishi watu wengine 3,409. Visima 12 vilichimbwa: 10 vinatoa maji na kaya 548 zimejiandikisha kwenye kamati zake, kimoja kilikuwa kikavu, na kimoja kinasubiri pampu."

Imerefuka kuliko ya kwanza, ndiyo. Nafasi inarudishwa kwingine: slaidi za picha, ramani ya wilaya, historia ya shirika na ratiba ya semina hazihitaji kugeuzwa kuwa aya kabisa. Kati ya slaidi 24, kwa kawaida zinazobeba namba za kuripoti ni chini ya nusu.

Dalili: mfadhili ameshaona 11,160

Kama wasilisho lilishaonyeshwa kwenye kikao, kimya kitaleta barua. Weka maelezo kwenye ukurasa uleule wenye 1,173, chini ya aya, si kwenye kiambatisho. Yataje namba ya zamani, sababu ya tofauti, na orodha unayoitumia sasa:

"Wasilisho la awali lilionyesha watu 11,160. Namba hiyo ilijumlisha wanachama, sahihi za mahudhurio, makadirio ya kaya na uwezo wa visima, hivyo mtu mmoja aliweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Ripoti hii inahesabu watu kwa majina kutoka orodha za usajili na mahudhurio zilizolinganishwa. Shughuli zilizofanyika hazijabadilika."

Sentensi ya mwisho ni muhimu kwa mfadhili, kwani swali lake la kwanza litakuwa kama fedha zilitumika kwa kazi pungufu. Iandike tu ikiwa ni kweli. Hapa visima vya kutoa maji ni 10 na si 12, na hilo limeshasemwa kwenye aya.

Mpigie afisa wa mfadhili kabla ripoti haijamfikia, kisha rekebisha slaidi ya tatu siku hiyohiyo na uhifadhi faili kwa jina jipya lenye tarehe. Nakala ya zamani iondoe kwenye folda ya pamoja uiweke kwenye kumbukumbu, la sivyo mwenzako wa idara ya kutafuta fedha ataichukua mwezi ujao kwa ajili ya andiko jingine, na 11,160 itarudi. Orodha ya majina 1,173 yenyewe haitumwi na ripoti: ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na mkaguzi akiihitaji ataikagua ofisini kwenu.